Mchoro wa Boksi la Dawa Unakutaka Ufanye Nini?

Brazil ni nchi yenye wagonjwa wengi wa ukoma, na baadhi yao hupatwa na vipindi vya homa na vinundu vyenye maumivu makali. Dawa inayowatuliza haraka ni thalidomaidi. Ni ileile iliyouzwa Ulaya kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi na ya kichefuchefu cha wajawazito, ikaondolewa sokoni mwishoni mwa 1961 baada ya kubainika kwamba watoto wanazaliwa bila mikono au miguu kamili. Inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 duniani waliathirika. Kwa hiyo ilipobaki kutumika kwa ukoma, pakiti yake iliwekwa onyo la mchoro: mwanamke mwenye tumbo kubwa, amekatwa kwa mstari.

Baadhi ya wanawake waliutazama mchoro huo wakaelewa kwamba dawa inazuia mimba, na wengine wakadhani inaitoa. Ukiutazama bila maneno, huwezi kuwalaumu. Tumbo limepigwa mstari. Basi ukimeza, hakuna tumbo.

Wataalamu wa alama wana kipimo cha makosa ya namna hii. Kiwango cha Marekani cha ANSI kinataka alama ya usalama ijaribiwe kwa watu kabla ya kutumika: angalau asilimia 85 waielewe sawasawa, na wasizidi asilimia 5 watakaoielewa kinyume. Hiyo asilimia 5 ndiyo yenye uzito. Asiyeelewa kitu anaweza kuuliza. Aliyeelewa kinyume haulizi, anakwenda nyumbani akiwa na uhakika.

Mwaka 2001 watafiti Ros Dowse na Martina Ehlers wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, waliwaonyesha wasemaji wa Kixhosa wasiosoma sana michoro ya dawa iliyotengenezwa Marekani, pamoja na mingine iliyochorwa kwa kuwashirikisha wenyeji. Ile ya wenyeji ilieleweka vizuri zaidi. Hakuna mchoro unaojieleza wenyewe kwa kila mtu, na maboksi tunayouziwa madukani kwetu yamechorwa kwingine, kwa ajili ya watu wengine. Ndiyo sababu makala haya yanauchukua mchoro kama nusu ya sentensi tu. Nusu ya pili imo kwenye maneno ya pembeni, kwenye rangi, au kichwani mwa mfamasia, na hiyo ndiyo inayosema ufanye nini na lini.

Gari ndani ya pembetatu

Nchi iliyoutengeneza mchoro wa kuwaonya madereva kwa makini zaidi ni Ufaransa. Hispania, kwa sheria yake ya 2007, inatumia pembetatu moja nyekundu yenye gari jeusi na maneno yanayokutaka usome maelezo ya ndani. Ufaransa tangu 2005 ina pembetatu tatu za rangi tofauti, na watu wengi huzisoma kama ngazi za usingizi: njano usingizi kidogo, chungwa usingizi wa kati, nyekundu usingizi mzito. Hawajakosea sana, lakini kilichoandikwa kando ya kila rangi ni agizo. Ya njano inasema usiendeshe kabla ya kusoma karatasi ya maelezo. Ya chungwa inasema usiendeshe kabla ya kupata ushauri wa mtaalamu wa afya. Nyekundu inasema usiendeshe kabisa, na ukitaka kurudi barabarani muulize daktari. Soma, uliza, acha: ndizo kazi tatu unazopewa.

Tuchukue dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Mafua yamembana Morogoro, anaingia duka la dawa na kununua vidonge vya klofeniramini, ambavyo wengi huviita Piritoni tu hata kama vimetengenezwa na kiwanda kingine. Kila kidonge kina miligramu 4 na anaambiwa ameze kimoja mara tatu kwa siku. Dawa za mzio za kundi hilo la zamani hupewa pembetatu ya chungwa Ufaransa, kwa sababu zinaingia kwenye ubongo kwa urahisi. Klofeniramini haitoki mwilini haraka pia. Kwa mtu mzima huchukua takriban siku nzima kupungua kufikia nusu. Maana yake ni kwamba kidonge cha asubuhi hakijaisha anapomeza cha mchana, na cha mchana hakijaisha anapomeza cha usiku. Siku ya pili anapoukaribia mlima Kitonga, anaendesha akiwa na dawa nyingi mwilini kuliko siku ya kwanza.

Atasema: nikisikia usingizi nitaegesha pembeni. Hapo ndipo anapokosea. Mwaka 2000 watafiti wa Iowa, Marekani, waliwaweka watu 40 kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji. Walipewa kwa zamu dawa mpya ya mzio, dozi ya miligramu 50 ya difenhidramini, pombe ya kutosha kulewa, na kidonge kitupu. Difenhidramini, ambayo imo kwenye dawa nyingi za maji za kikohozi zinazouzwa hadi kwetu, iliharibu uendeshaji kuliko pombe. La kutisha zaidi ni kwamba kiasi cha usingizi ambacho watu walisema wanakisikia hakikutabiri vizuri jinsi walivyoendesha. Mtu alijiona yuko macho huku gari linayumba.

Kwa hiyo dalili za kutazama si miayo. Ni kupita kijiji ukashindwa kukumbuka kama umekipita, kukanyaga mstari wa katikati bila kukusudia, kuchelewa kuona taa za breki za gari la mbele. Utingo huziona kabla ya dereva, naye anastahili kusikilizwa.

Pembetatu ya chungwa, basi, ingemtaka dereva wetu aseme maneno mawili dukani: "Mimi naendesha." Mfamasia akishajua hilo ana nafasi ya kubadilisha. Setirizini ya miligramu 10 humezwa mara moja kwa siku na Ufaransa ina pembetatu ya njano. Inaweza kumezwa usiku, lori likiwa limeegeshwa. Njano haina maana ya ruhusa. Wapo wanaosinzia hata kwa hiyo, na siku ya kwanza ya dawa yoyote ya namna hii si siku ya kushika usukani. Bia moja juu yake inafuta hesabu yote. Na mchoro ni wa gari kwa sababu mchoraji alihitaji kitu kinachotambulika. Maneno yake yanamhusu pia mwenye bodaboda, fundi wa mashine ya kupasulia mbao na kijana aliye juu ya jukwaa la ujenzi ghorofa ya tatu.

Nyekundu hukaa kwenye dawa kama zolpidemu, ya usingizi. Mtu huona ajabu: nani anameza dawa ya usingizi kisha akaendesha? Swali ni la asubuhi yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi ya kuanzia kwa wanawake ipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huiondoa polepole zaidi, na walikuwa wakiamka na kiasi kinachoharibu uendeshaji wakati wanajiona wazima.

Je, haya yote yanaonekana barabarani? Uchunguzi wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010 ulioanisha kumbukumbu za polisi za ajali na kumbukumbu za bima ya afya za madereva zaidi ya 70,000. Ulikadiria kwamba asilimia 3.3 ya ajali zilitokana na dawa za pembetatu ya chungwa na nyekundu. Si fungu kubwa ukililinganisha na pombe, ila ni ajali ambazo dereva alikwishaonywa kwenye boksi.

Tumbo linalodanganya

Mchoro wa mjamzito ndio mgumu kuliko yote, na sababu moja ni tumbo lenyewe. Mchoraji hana njia nyingine ya kuonyesha mimba isipokuwa tumbo kubwa. Lakini kwa dawa nyingi mbaya zaidi, madhara hutokea tumbo likiwa bapa. Thalidomaidi iliharibu viungo katika siku za takriban 20 hadi 36 baada ya mimba kutungwa. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28. Wakati huo mama anaweza kuwa amechelewa siku zake kwa wiki mbili tu na anadhani ni uchovu. Mchoro wa tumbo kubwa, kwa hiyo, unazungumza hasa na mwanamke ambaye bado hana tumbo.

Ufaransa ililijua hili kwa uchungu. Valproeti ni dawa ya kifafa, nzuri kwa kazi yake, na hospitali zetu pia zinaitumia. Mtoto aliyekuwa tumboni mama akiimeza ana uwezekano wa karibu 10 kwa 100 wa kuzaliwa na kasoro ya mwili, ilhali kwa watoto kwa jumla ni 2 au 3 kwa 100. Aidha, watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza. Marine Martin, mama Mfaransa ambaye watoto wake wawili waliathirika, alianzisha mwaka 2011 chama cha familia za aina hiyo, APESAC, na kelele zao zikafika bungeni na mahakamani. Kuanzia Oktoba 2017 sheria ikalazimisha maboksi ya dawa zenye hatari kwa mimba yawe na mchoro.

Michoro hiyo ni miwili. Pembetatu nyekundu yenye mjamzito ina maana ya hatari: dawa isitumike isipokuwa hakuna nyingine inayofaa, na uamuzi huo ni wa daktari. Duara lililokatwa lina maana ya marufuku. Mtu akiwa na haraka haoni tofauti, na mimi naona kuweka alama mbili zinazofanana hivyo kwa maagizo mawili tofauti ni udhaifu wa wazi. Maneno ya chini ndiyo yanayookoa.

Boksi la ibuprofeni linaonyesha vizuri. Duara la marufuku lipo, lakini maneno yake yanataja muda: ni marufuku kuanzia mwanzo wa mwezi wa sita, yaani wiki 24 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kabla ya hapo ni kwa ushauri wa daktari. Kwa nini muda huo? Mtoto tumboni hapumui, hivyo ana mshipa mfupi unaopitisha damu kando ya mapafu. Mshipa huo hubaki wazi kwa msaada wa kemikali za mwili ambazo ibuprofeni, diklofenaki na dada zao huzizuia. Ndivyo zinavyopunguza maumivu. Kemikali zikikosekana, mshipa unaweza kufunga kabla ya wakati. Figo za mtoto nazo hupunguza mkojo, na kwa kuwa maji ya uzazi katika miezi hiyo yanatokana zaidi na mkojo wa mtoto, maji hupungua. Mwaka 2020 mamlaka ya Marekani iliusogeza mpaka nyuma hadi wiki ya 20.

Tuhesabu kwa mtu mmoja. Mwanamke aliyeanza hedhi yake ya mwisho tarehe 3 Januari anafikisha wiki 20 tarehe 23 Mei, na wiki 24 tarehe 20 Juni, kama si mwaka mrefu. Mgongo ukimuuma tarehe 1 Juni, boksi la Ufaransa bado linamwambia amwone daktari, la Marekani linamwambia aache. Jirani aliyemwazima diklofenaki hamwambii kitu. Ushauri wa salama kwake ni kushika ule mpaka wa mapema na kuuliza kuhusu parasetamoli. Ila onyo hili asilihusishe na aspirini ya kiwango kidogo ambayo kliniki huwapa baadhi ya wajawazito kuzuia kifafa cha mimba. Hiyo ameandikiwa kwa makusudi. Asiiache kwa kuogopa mchoro.

Hapo tunafika kwenye kosa ambalo michoro hii yenyewe inaweza kulizaa. Mwanamke mwenye kifafa anagundua ana mimba, anaona duara au pembetatu kwenye boksi lake, anatupa vidonge jalalani. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, mitukutiko inaweza kurudi mfululizo bila kupoa, na hiyo huweza kumuua mama na mtoto kwa pamoja. Ukiwa hujaanza dawa, mchoro unakutaka usianze. Ukiwa tayari unaitumia, unakutaka uende kwa daktari leo au kesho huku ukiendelea kumeza. Wakati mzuri zaidi wa kuuona mchoro huo ni kabla ya mimba, ili dawa ibadilishwe taratibu kwa miezi kadhaa. Na kwa kuwa nazungumza na wenye kifafa: kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na ya vijiti. Mhudumu wa uzazi wa mpango ajue unatumia dawa gani.

Jua la aina mbili

Jua kwenye pakiti lina maana mbili zisizohusiana. Moja inahusu bidhaa. Kwenye maboksi ya vipimo vya haraka vya malaria, mabomba ya sindano na glavu utaona jua juu ya kitu kama paa. Hapo unaambiwa usiiache bidhaa juani, basi. Mwili wako hauhusiki.

Nyingine inahusu ngozi ya anayetumia. Mfano wake mzuri ni jeli ya ketoprofeni, ya kupaka kwenye goti au kifundo kilichoteguka. Dawa ikishaingia kwenye ngozi, miale ya jua huibadilisha na ngozi huwaka, kuvimba na kutoa malengelenge. Mwaka 2010 Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia suala hilo na kusisitiza masharti: sehemu iliyopakwa ifunikwe kwa nguo muda wote wa matumizi na wiki 2 baada ya kuacha, hata siku ya mawingu, na mikono ioshwe kila baada ya kupaka. Watu husahau hizo wiki 2. Mtu amepona, ameacha jeli Jumatatu, Jumamosi anavaa kaptula kwenda kucheza mpira, Jumapili goti lina malengelenge. Anadhani ni nyasi za uwanjani au mdudu. Dalili ya kutofautisha ni mpaka: upele unaishia palepale jeli ilipoishia, au palipoishia nguo.

Doksisaiklini, ya kumeza, hufanya jambo la jamaa na hilo, lakini kwa mwili mzima: uso, shingo na mgongo wa mikono. Miale inayohusika hupita kwenye kioo cha dirisha la gari, kwa hiyo dereva anaweza kuungua mkono mmoja tu, ule wa upande wa dirisha. Kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta hisia ya kuwashwa kama moto na kisha rangi kuwa nyeusi zaidi. Kwa mtu mwenye ualbino hakuna nafasi ya kujaribu. Aseme mapema, apewe dawa nyingine kama ipo.

Boksi linalobaki dukani

Yote haya yanadhani kwamba mgonjwa ameliona boksi. Kwetu mara nyingi halioni. Vidonge huhesabiwa kutoka kwenye kopo la 1,000, au jani hukatwa kwa mkasi vikatoka vidonge sita, vikaingia kwenye bahasha iliyoandikwa 1x3. Pembetatu, duara na jua vimebaki kwenye rafu. Pia maboksi mengi yanayoingia kwetu hayana michoro ya aina hii kabisa, kwa kuwa nchi yalikotengenezwa haikuitaka. Boksi la India linaweza kuwa na mstari mwekundu wima, lakini huo unasema tu kwamba dawa hutolewa kwa cheti cha daktari. Kukosekana kwa mchoro hakuna maana ya kukosekana kwa hatari.

Kwa hiyo ukipewa bahasha, usiondoke dirishani. Omba uonyeshwe boksi, ligeuze pande zote, na kama kuna mchoro lipige picha kwa simu pamoja na maneno yake, yawe ya Kifaransa au Kihindi. Kisha mwambie anayekuhudumia mambo matatu hata asipokuuliza: kama unaendesha au unafanya kazi ya mashine, kama una mimba au unaweza kuipata mwezi huu, na kama unashinda juani. Akikujibu kwa kuinua mabega, nenda duka lenye mfamasia.